Wimbo mpya ukitoka: linki ni kwa mwenye mega, faili ni kwa asiye nayo

Mwanamuziki wa Goma anapotoa wimbo mpya, tangazo lake huwa moja: fungua linki, sikiliza, tumia wengine. Tangazo hilo linasahau familia zilizokimbia vita kutoka Masisi na Rutshuru, ambazo zinalipa kwanza ili kuchaji simu, kisha ndipo zinafikiria kununua mega.

Tupige hesabu. Wimbo wa dakika 4, katika mp3 ya kawaida ya kilobiti 128, una uzito wa mega karibu 4. Ukiusikiliza mara kumi kwa linki bila kuuhifadhi, zinakwenda mega 40, na video inakula zaidi. Lakini faili ikiisha kuingia kwenye simu moja, inapita kwa Bluetooth hadi simu ya jirani bila mega hata moja.

Kwa upande mwingine, faili hiyo haihesabiwi popote. Innoss'B, mtoto wa Goma, alitoa «Yope» mwaka 2019, akairudia mwaka huohuo pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Video hiyo imepita mara milioni 100 kwenye YouTube. Hizo ni za waliofungua linki. Waliousikia kwenye simu za majirani hawamo.

Kwa hiyo mashabiki wagawane kazi. Mwenye Wi-Fi kazini, au ndugu aliye Ulaya, afungue linki na kuacha wimbo ufike mwisho, maana huko ndiko msanii anapata hesabu na pesa. Asiye na mega apokee faili bila haya. Huyo si mwizi, mradi msanii mwenyewe ndiye aliyeitoa.

Hapo ndipo wasanii wengi wanakosea. Wimbo ukitumwa WhatsApp kama sauti, jina la faili linabadilika na kuwa kitu kama AUD-20240315-WA0007. Baada ya kupita simu tano, watu wanaimba kiitikio lakini hawajui ni wa nani. Hata mtangazaji wa redio akiletewa wimbo huo hawezi kutaja mwenyewe, na msanii hapati mwaliko wala kazi ya harusi.

Dawa ni rahisi. Msanii aandike jina lake na la wimbo ndani ya faili kabla ya kuitoa, si kwenye jina la nje tu. Ajitaje kwa sauti mwanzoni mwa wimbo. Na shabiki anayetuma WhatsApp achague «dokima», si «sauti», ili jina libaki jinsi lilivyo.

Kisha ajijaribu: atume wimbo kwa rafiki, rafiki amrudishie kwa Bluetooth. Kama jina la msanii linaonekana bado wimbo unapocheza, uko tayari kusambaa. Kama halionekani, arudi kurekebisha kabla ya kutangaza.