Hatifungani ya Kenya Ingefuata Mfumuko wa Bei, Nani Angelipa?

Februari 2024 Hazina ya Taifa ya Kenya ilikwenda sokoni kutafuta shilingi bilioni 70 kwa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Wawekezaji walileta maombi ya zaidi ya shilingi bilioni 288. Serikali ikachukua karibu bilioni 241, kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyokatwa kodi. Mwezi huohuo mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 6.3.

Kati ya namba hizo mbili kuna pengo la asilimia 12. Walionunua walishangilia, waliotazama deni la taifa wakashika vichwa. Lakini ni sehemu gani ya ile 18.46 iliyokuwa malipo ya hofu ya bei kupanda, na ni sehemu gani iliyokuwa malipo ya hofu nyingine? Wakati huo shilingi ilikuwa imedhoofika sana, na deni la dola bilioni 2 katika soko la kimataifa lilikuwa linasubiri kulipwa Juni. Hakuna aliyeweza kuzitenganisha hofu hizo, kwa sababu Kenya, kama Tanzania, haina hatifungani inayofuata mfumuko wa bei ya kuwekwa kando ya ile ya kawaida. Hoja yangu ni kwamba inafaa kuwa nayo. Ila kabla ya kuidai, tuone inavyofanya kazi kule iliko.

Marekani imeuza hatifungani za aina hii tangu Januari 1997. Ya kawaida inamwahidi mnunuzi dola: atapata kiasi fulani kila baada ya miezi sita na mtaji wake mwishoni, bei za sokoni zipande zisipande. Inayofuata mfumuko inamwahidi uwezo wa kununua. Mtaji wenyewe unaongezwa kadiri fahirisi ya bei za mlaji inavyopanda, na riba, ambayo ni ndogo, inakokotolewa juu ya mtaji huo uliokua. Bei zikishuka mtaji nao hupungua, lakini siku ya mwisho mwenye hati halipwi chini ya mtaji wa awali. Fahirisi inayotumika ni ya takriban miezi mitatu nyuma, maana takwimu huchelewa kutoka.

Kwa hiyo faida inayotajwa kwenye hati hii ni faida halisi, yaani inayobaki baada ya kuondoa mfumuko. Ya hatifungani ya kawaida bado haijaondolewa chochote. Ukizilinganisha mbili za muda mmoja na za mkopaji mmoja, tofauti ya faida zake inakupa kiwango cha mfumuko ambacho kikitokea, wanunuzi wote wawili watafika mwisho wakiwa sawa. Tukiite kiwango cha mizani. Mfumuko ukikipita, aliyenunua hati inayofuata bei amepata zaidi. Ukibaki chini yake, mwenye hati ya kawaida ndiye aliyeshinda.

Tuchukue mfano wa Julai 2020, katikati ya janga la korona. Hatifungani ya kawaida ya Marekani ya miaka mitano ilikuwa inatoa karibu asilimia 0.3 kwa mwaka. Ile inayofuata mfumuko ilikuwa inatoa faida halisi ya takriban asilimia moja chini ya sifuri. Ndiyo, chini ya sifuri: mnunuzi alikuwa anakubali kwa hiari kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kununua kila mwaka. Kiwango cha mizani kilikuwa basi 0.3 ukitoa hasi 1, yaani asilimia 1.3. Kutoa huku ni makadirio mazuri riba zikiwa ndogo. Njia kamili ni kugawanya 1.003 kwa 0.99 kisha kutoa moja, na hapa jibu ni lilelile.

Kilichofuata kinajulikana. Juni 2022 mfumuko wa mwaka mmoja Marekani ulifika asilimia 9.1, na kwa miaka mitano yote bei zilipanda kwa karibu asilimia 25, sawa na wastani wa asilimia 4.6 kwa mwaka. Aliyeweka dola 10,000 kwenye hati ya kawaida, kwa hesabu ya kukadiria, alimaliza na dola 10,150. Mwenzake aliyeweka kiasi hichohicho kwenye hati ya kufuata bei alipata karibu 11,900. Ukizigeuza kwa bei za 2020, wa kwanza alibaki na dola 8,120 na wa pili na 9,510.

Wa pili naye alipoteza, karibu asilimia 5 ya uwezo wake wa kununua. Tofauti ni kwamba yeye hasara yake aliijua siku anaponunua, na mwenzake hakuijua yake. Hapo ndipo watu wengi hukosea: kinga dhidi ya mfumuko si ahadi ya faida. Faida halisi ndiyo inayosema utabaki na nini. Kiwango cha mizani kinasema tu ni nani kati ya wawili atakayemcheka mwenzake.

Sharti la kushika hati hadi mwisho nalo lina uzito. Mwaka 2022, katikati ya mfumuko mkubwa kuliko wote kwa miaka 40, mifuko mingi ya hatifungani hizi ilishuka thamani kwa zaidi ya asilimia 10. Faida halisi ya miaka 10 ilikuwa imepanda kutoka hasi 1 hivi mwanzoni mwa mwaka hadi zaidi ya 1.5 kufikia vuli, na faida ikipanda bei ya hati hushuka. Aliyehitaji kuuza mwaka huo hakusaidiwa na fahirisi.

Sasa tugeukie upande wa anayekopa, maana swali letu ni la sera. Kila dola aliyoshinda mwenye hati ya kufuata bei baada ya 2020 ilitoka mfukoni mwa serikali. Uingereza iliumia zaidi, kwa sababu karibu robo ya deni lake linafuata fahirisi, tena fahirisi ya zamani ya bei za rejareja ambayo Oktoba 2022 ilionyesha asilimia 14.2. Gharama ya riba ya serikali iliruka kwa namna ambayo hakuna bajeti iliyokuwa imeipanga. Wapinzani wa wazo langu wana haki ya kuanzia hapo.

Lakini Uingereza hiyohiyo ilianza kuuza hati hizi Machi 1981, bei zikiwa zinapanda kwa kasi na wakopeshaji hawaiamini serikali. Waziri Mkuu Margaret Thatcher alikuwa ameahidi kuushusha mfumuko. Soko liliposhuku, serikali ilikuwa na chaguo mbili: kulipa kwa miaka mingi riba kubwa iliyojaa shaka hiyo, au kusema, "Basi tutawalipa mfumuko utakaotokea kweli." Mfumuko uliposhuka, njia ya pili ikawa nafuu.

Rudi sasa Nairobi ya Februari 2024. Tuseme, kwa mfano tu, Hazina ingetoa pia hati ya kufuata mfumuko na wawekezaji wakaitaka faida halisi ya asilimia 9. Gawanya 1.1846 kwa 1.09, utaona soko lilikuwa linaogopa mfumuko wa karibu asilimia 8.7 kwa mwaka, kwa miaka minane na nusu. Ilivyotokea, Oktoba mwaka huo mfumuko ulikuwa umeshuka hadi 2.7. Hata ukikadiria wastani wa 5 hadi hati iive, gharama ya serikali ingekuwa asilimia 14.5 hivi badala ya 18.46. Kwa kila shilingi bilioni 50 zilizokopwa, hiyo ni karibu bilioni 2 kwa mwaka.

Badilisha dhana moja. Tuseme wawekezaji wangedai faida halisi ya 12, kwa kuwa hofu yao haikuwa bei za unga na mafuta bali uwezo wa serikali kulipa. Kiwango cha mizani kingekuwa chini kidogo ya 5.8, na akiba yote ingeyeyuka hadi chini ya asilimia moja. Hati ya kufuata mfumuko inaponya hofu ya mfumuko peke yake. Lakini hata katika hali hiyo nchi ingejifunza jambo: Benki Kuu ingejua kwamba wananchi wanaamini kazi yake, na kwamba tatizo liko kwenye bajeti. Taarifa hiyo haipatikani kwa dodoso.

Ila kiwango cha mizani kisisomwe kama utabiri mtupu. Mwisho wa 2008, baada ya kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers, kiwango cha mizani cha miaka 10 Marekani kilikaribia sifuri. Si kwamba watu walitarajia bei zisipande kwa miaka kumi. Waliohitaji fedha haraka walizimwaga sokoni hati za kufuata mfumuko, ambazo ni ngumu zaidi kuuza, na faida yake ikapaa. Soko la Kenya ni dogo mno kuliko hilo, na wanunuzi wakubwa, yaani mabenki na mifuko ya pensheni, hununua na kukaa. Mauzo yakiwa machache, kiwango cha mizani kitayumba kwa sababu zisizohusiana na bei.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo, nayo ni fahirisi yenyewe. Mwaka 2007 serikali ya Argentina iliingilia ofisi yake ya takwimu, na mfumuko rasmi ukaanza kutangazwa chini sana ya ule uliokuwa madukani. Wenye hatifungani za kufuata bei walipunjwa bila mtu kuvunja mkataba hata mmoja. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuja kuikemea nchi hiyo rasmi mwaka 2013. Serikali inayodaiwa kwa kipimo inachokipima yenyewe ina kishawishi, kwa hiyo mkataba wa hati lazima utaje fahirisi ipi, nani anaitoa, na mwenye hati atalipwaje mfumo wa kuikokotoa ukibadilishwa.

Kwa masharti hayo, Hazina ianze na kiasi kidogo, tuseme sehemu moja ya kumi ya mikopo yake mirefu ya ndani, iwauzie kwanza mifuko ya pensheni ambayo madeni yake ni uzee wa watu, na ifanye minada kwa ratiba isiyovunjwa. Ipange pia akiba ya siku ya mwisho, kwani nyongeza ya mtaji hulimbikizana na kulipwa kwa mkupuo.

Wewe mnunuzi, usisubiri Hazina ili upige hesabu yako. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania iliuza hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 12.56. Kama faida halisi unayoitaka ni 5, gawanya 1.1256 kwa 1.05: mizani yako ni mfumuko wa asilimia 7.2. Mfumuko wa Tanzania umekuwa chini sana ya hapo kwa miaka ya karibuni. Desemba 2011 ulikuwa 19.8.