Jedwali la mkojo lisifichwe nyuma ya kitabu

Na Ilunga Mwansa

Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa Lubumbashi uliolinganisha watoto wachanga 138 wenye kasoro za kuzaliwa na 108 wasio nazo. Ulionyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao hufanya kazi za migodi. Msomaji hawezi kukubali wala kukataa dai hilo bila kuona ulinganisho wenyewe, na hapo ndipo penye kipimo ninachokitetea: jedwali ambalo bila yake hitimisho linaanguka hukaa ndani ya matini, na lile linalomsaidia mtu kukagua au kurudia kazi hupelekwa kwenye kiambatisho.

Tuseme mwanafunzi anayeandika tasnifu anapima kobalti katika mkojo wa watu wa Kamatanda, Likasi, karibu na machimbo, na wa mtaa ulio mbali. Jedwali linalolinganisha mitaa hiyo miwili, watoto na watu wazima kila kundi peke yake, libaki mbele. Matokeo ya madini mengine na maelezo ya maabara yaende nyuma. Dodoso nalo liende nyuma, lakini liwe lile lililoulizwa kweli. Mara nyingi kinachobandikwa ni nakala ya Kifaransa, ilhali mama aliulizwa kwa Kiswahili cha Katanga mtoto wake anacheza wapi. Kwa kuwa vumbi ni njia kubwa ya kobalti kuingia mwilini mwa mtoto, maneno ya swali hilo yanaweza kubadili jibu. Nakala zote mbili ziwekwe.

Wapo wasimamizi wanaotaka kila kitu kiwe ndani, wakihofu kwamba kiambatisho hakisomwi. Hofu yao ina msingi, ila dawa yake ni namna ya kurejelea. Kuandika tu “tazama viambatisho” ni kumtupa msomaji. Mwanafunzi aandike: “Tofauti ilibaki hata baada ya kuwatoa wavuta sigara (Kiambatisho B, Jedwali B2).” Jibu limo katika sentensi, ushahidi una anwani. Herufi zifuate mpangilio wa kutajwa, na kiambatisho kisichotajwa popote kiondolewe. Na kwa kuwa wengi Likasi watasoma kitabu cha karatasi, hoja isitegemee faili iliyo mtandaoni pekee.

Data ghafi yafaa iwe faili ya ziada, pamoja na ufunguo wa alama zake: asiyeambiwa kwamba 99 ni “hajui” ataihesabu kama umri. Wengine husema uwazi unadai kutoa safu zote. Sikubali. Kufuta majina hakutoshi katika mtaa ambako barabara, umri, kazi na idadi ya watoto vikikaa mstari mmoja, jirani anajua ni nani. Umri uwekwe kwa makundi, barabara ifutwe, na matini iseme wazi kilichoondolewa na sababu yake.