Kodi ya mauzo Kenya: Kwa nini duka lenye wateja wengi laweza kubaki bila faida?

Wafanyabiashara wadogo wengi nchini Kenya wakisikia "asilimia 3" hupumua. Mfanyakazi wa mshahara wa kati hukatwa hadi asilimia 30 kwenye sehemu ya juu ya mshahara wake, kwa hiyo asilimia 3 yaonekana kama upendeleo. Sisi wahasibu tunalazimika kuuliza swali moja kabla ya kukubaliana nao: asilimia 3 ya nini?

Kodi inayozungumziwa ni kodi ya mauzo, ambayo Wakenya wengi huiita TOT. Si VAT, ambayo mteja huilipa ndani ya bei na muuzaji huipeleka serikalini. TOT hulipwa na mfanyabiashara mwenyewe. Inamhusu mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni 1 lakini hayazidi milioni 25, na hulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Pato la kukodisha nyumba halimo, na ada za kitaaluma kama za wakili au mhandisi pia hazimo.

Jambo la kushika ni kwamba kodi hii haijali umepata faida kiasi gani. Inahesabiwa juu ya kila shilingi iliyoingia, hata ile utakayompelekea muuzaji wa jumla kesho asubuhi.

Duka la unga na sukari

Tuchukue mfano wa duka la rejareja linalouza unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni. Kwa mwezi linauza bidhaa za shilingi 300,000. Bidhaa za namna hii hazina faida kubwa, kwa sababu duka la jirani linauza pakiti ile ile ya unga na mteja anaijua bei. Tuseme katika kila shilingi 100 ya mauzo, mwenye duka amenunua mzigo kwa shilingi 92. Kwa mwezi anabaki na 24,000.

Katika hizo 24,000 analipa pango 8,000, umeme na usafiri 3,500, na akiigawa leseni ya kaunti kwa miezi 12 ni kama 1,500. Kilichobaki ni 11,000. Hiyo ndiyo faida yake.

Sasa hesabu kodi. Asilimia 3 ya 300,000 ni 9,000. Anabaki na shilingi 2,000 kwa mwezi mzima wa kufungua duka alfajiri na kufunga usiku. Kiwango kilichoandikwa kwenye sheria ni asilimia 3, lakini kwenye faida yake kodi imechukua shilingi 9 kati ya kila 11.

Fundi cherehani wa jirani yake

Mlango wa pili kuna fundi cherehani. Mauzo yake ni 100,000 tu kwa mwezi, theluthi moja ya mauzo ya duka. Vitambaa, nyuzi na vifungo vinamgharimu 25,000, pango na umeme 20,000. Anabaki na 55,000, kwa sababu kitu kikubwa anachouza ni kazi ya mikono yake.

Kodi yake ya mauzo ni 3,000. Huyu anapata faida mara tano ya mwenye duka, na analipa theluthi ya kodi ya mwenye duka. Hakuna aliyedanganya wala aliyekwepa. Ndivyo kodi hii inavyofanya kazi: inawabana wenye mzunguko mkubwa na faida nyembamba, na inawaacha wenye faida nono. Ukitaka kujua uko upande gani, gawanya faida yako kwa mauzo yako. Ukipata asilimia 10, TOT inakula karibu theluthi ya faida. Ukipata asilimia 3, inaimaliza yote. Fundi wetu yuko kwenye asilimia 55.

Serikali ina sababu zake za kuipenda. Mauzo ni rahisi kuyaona kuliko faida, hasa sasa ambapo malipo mengi hupitia simu. Mfanyabiashara naye haulizwi risiti za gharama, anajaza fomu fupi na kulipa. Kodi ilipokuwa asilimia 1, kuanzia mwaka 2020, mwenye duka wetu angelipa 3,000 na kubaki na 8,000, na huenda angeona ni bei ya haki kwa kuepuka usumbufu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kiwango hadi asilimia 3 kuanzia Julai 1 mwaka huo, na ikashusha kikomo cha juu kutoka milioni 50 hadi 25. Mahakama ya Rufani iliibatilisha sheria hiyo nzima Julai 2024, lakini Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo Oktoba mwaka huo huo, na kiwango kikabaki.

Kuna mlango wa kutokea

Jambo ambalo wenye maduka wengi hawajaambiwa ni kwamba TOT si lazima. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato (KRA) kwamba hataki kuwa chini ya kodi ya mauzo. Akishafanya hivyo, anabadilisha aina ya kodi iliyofungwa kwenye PIN yake katika mfumo wa iTax, na anaanza kulipa kodi ya kawaida ya mapato, inayohesabiwa juu ya faida ya mwaka.

Kwa mtu binafsi, shilingi 288,000 za kwanza za faida ya mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Halafu kila mlipa kodi mkaazi ana nafuu binafsi ya 28,800 kwa mwaka, ambayo hutolewa kwenye kodi yenyewe. Hizo mbili zinafutana. Kwa hiyo mtu ambaye faida yake yote ya mwaka haizidi 288,000, na hana pato jingine, halipi kodi yoyote ya mapato.

Mwenye duka wetu ana faida ya 132,000 kwa mwaka. Chini ya TOT analipa 108,000. Chini ya kodi ya kawaida analipa sifuri. Fundi, kwa upande wake, ana faida ya 660,000, na kodi ya kawaida ingemtoza 106,600 badala ya 36,000 za TOT. Yeye asiguse kitu, akae alipo.

Tahadhari moja hapa. Kama mwenye duka pia ameajiriwa, nafuu binafsi tayari inatumika kwenye mshahara, na faida ya duka itaongezwa juu ya mshahara huo. Mwalimu mwenye duka asichukue hesabu hii kama ilivyo.

Mlango huu una kizingiti

Kuhama TOT bila kujipanga kunaweza kuwa hasara kubwa kuliko kubaki. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi katika hesabu ya kodi kama hazina ankara ya kielektroniki iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS. Mzigo wa unga ulionunua kwa pesa taslimu na kupewa karatasi ya mkono, kwa macho ya KRA, haujanunuliwa.

Rudi kwenye duka letu. Kila mwezi linanunua mzigo wa 276,000. Tuseme nusu tu ya mzigo huo una ankara za eTIMS. Nusu nyingine, 138,000, inakataliwa, na KRA inaihesabu kama faida. Kwenye karatasi, faida ya mwenye duka inapanda kutoka 11,000 hadi 149,000 kwa mwezi, na kodi ya mwaka inafika 445,000. Hizo ni pesa ambazo hajawahi kuziona.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikia Kamishna, anapaswa kukaa miezi mitatu hivi akidai ankara ya eTIMS kwa kila mzigo, na kuandika PIN yake kwenye kila ankara. Muuzaji wa jumla asiyetaka kuitoa anamuuzia bidhaa pamoja na tatizo. Baada ya miezi hiyo ataona mwenyewe ni sehemu gani ya manunuzi yake inaweza kuthibitishwa. Kama ni karibu yote, ahame. Kama ni nusu, TOT, pamoja na ubaya wake, bado ni nafuu. Na yeye pia anatakiwa kutoa ankara za eTIMS kwa mauzo yake. Kwa wasio na kompyuta, KRA imeweka njia ya simu kwa kubonyeza *222#.

Mahakama ziliwahi kusema nini

Hoja kwamba mauzo si faida si ya wahasibu peke yao. Mwaka 2021 Kenya ilianza kutoza kodi ya kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo, hata kwa kampuni iliyopata hasara. Mahakama Kuu mjini Machakos iliifuta Septemba mwaka huo, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Desemba 2022. Kiini cha kesi kilikuwa hiki: kodi ya mapato hutozwa juu ya faida, na kumtoza aliyepata hasara ni kumla mtaji.

Ile kodi haikuwa na mlango wa kutokea. TOT inao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu yake kubwa mbele ya sheria. Lakini mlango usiojulikana kwa wanaouhitaji hausaidii kitu, na sijaona juhudi kubwa za kuutangaza. Matangazo mengi husisitiza tarehe 20.

Pesa zisizo zako

Kosa jingine humkuta mtu hata akiwa ndani ya TOT, nalo ni kuchanganya pesa. Tuseme mwenye duka ni mweka hazina wa chama, na wanachama 20 wanamtumia 5,000 kila mmoja kwa mwezi kupitia namba ya malipo ya duka. Hiyo ni 100,000 kwa mwezi, milioni 1.2 kwa mwaka. KRA ikipitia taarifa za simu na benki, inaona pesa iliyoingia. Haioni chama. Asilimia 3 yake ni 36,000 kwa pesa ambayo imepita tu. Floti ya wakala wa M-Pesa na mkopo kutoka sako huleta shida hiyo hiyo.

Na kazi ya kuthibitisha kwamba makadirio ya KRA si sahihi ni ya mlipa kodi. Ana siku 30 tangu kupokea notisi kuwasilisha pingamizi, akiambatanisha daftari la chama, mkataba wa mkopo na taarifa ya akaunti. Kumbukumbu hizo zinatakiwa kuhifadhiwa kwa miaka 5. Anayetenga laini moja ya simu kwa duka na nyingine kwa kila kitu kingine amemaliza sehemu kubwa ya ubishi huo kabla haujaanza.

Anayebaki kwenye TOT akumbuke pia kwamba kuchelewa kuwasilisha fomu ni faini ya shilingi 1,000 kwa kila mwezi, na kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya kodi pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa duka linalobaki na 2,000, faini moja ni nusu ya mwezi.