Anayetafuta na anayeperuzi si mteja mmoja

Wadau, acheni kubandika tangazo lilelile kila mahali.

Mtu akiandika "tochi ya kichwani" kwenye sehemu ya kutafuta ya Marketplace, shida yake anaijua. Mwandikie moja kwa moja: "Tochi ya kichwani ya kuchaji, 15,000, Kharumwa."

Anayeperuzi tu Facebook hajaomba kitu. Huyo anasimamishwa na picha kwanza: tochi moja, imewaka kichwani kwa mchimbaji, imepigwa kwa karibu. Halafu mstari wa kwanza, maana maneno ya chini hukatwa: "Taa ikizimika shimoni, unatokaje?" Bei ifuate.

Ila picha iwe ya tochi unayouza kweli. Wengi wakifungua na hakuna anayeulizia mzigo, huenda tangazo limeahidi usichokuwa nacho.