Jaribu nyumba 60 kabla ya nyumba 720

Kuna ugonjwa mmoja sisi waandishi wa programu tunao: programu ikishawaka kwenye kompyuta yetu tunataka mtaa mzima uitumie Jumatatu. Ukituambia tuanze na majaribio tunakubali, lakini majaribio yenyewe huwa ni sherehe tu. Watu wanatumia mwezi mmoja, kila mtu anasema "imefanya poa", kisha tunasambaza. Sijawahi kuona majaribio ya namna hiyo yakiisha kwa jibu la "hapana".

Maoni yangu ni haya. Kama hukuandika kabla ya kuanza ni matokeo gani yatakufanya uache, hukufanya majaribio. Ulianza kazi pole pole tu.

Wengi watanitajia M-Pesa. Ni kweli, majaribio yake yalianza Oktoba 2005 kwa mawakala wanane na wateja wasiofika 500, na mojawapo ya sehemu zilizochaguliwa ilikuwa Mathare, hapa hapa Eastlands. Lakini kumbuka kilichokuwa kinajaribiwa. Safaricom na Vodafone walikuwa wameshirikiana na Faulu Kenya ili wateja wa mikopo midogo walipe mikopo yao kwa simu. Upande huo ulisumbua: hesabu za Faulu hazikuoana kirahisi na mfumo mpya, na mtu aliyeweza kulipa kwa simu alikuwa na sababu chache za kuhudhuria mkutano wa kikundi. Wakati huo huo wateja walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao, na wengine wakiweka pesa kwenye simu ili wasitembee na noti. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo haikuwa tena ndiyo habari kuu. Habari ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Wangeanza na nchi nzima wakiwa na wazo la kwanza, kosa hilo lingewagharimu nchi nzima.

Sasa niwape kisa changu, ambacho ni kidogo sana na hakikuishia kwa utajiri.

Kikundi cha vijana pale Umoja huzoa taka katika ploti 24 za ghorofa, zenye nyumba kama 720. Kila nyumba hulipa shilingi 200 kwa mwezi. Kijana mmoja alikuwa akipita mlango kwa mlango Jumamosi na daftari. Nikawaandikia programu: mpangaji analipa kwa Lipa na M-Pesa, anaweka nambari ya nyumba kama akaunti, programu inamwekea alama ya kulipa, na asiyelipa anatumiwa ujumbe. Mwenyekiti alitaka tuanze na ploti zote. Tukabishana, tukakubaliana ploti mbili, nyumba 60. Moja ina mwangalizi anayeishi pale pale, nyingine haina. Sikutaka ploti ya mwenyekiti mwenyewe, maana huko kila mtu angelipa kwa heshima.

Kwanza tulifungua daftari. Katika miezi miwili iliyopita, nyumba 38 kati ya 60 zilikuwa zikilipa kabla ya tarehe 10. Bila nambari hiyo hatungekuwa na cha kulinganisha. Kisha tukauliza: tunahitaji ngapi ili programu ijilipie? Tukasema 45. Nyumba saba za ziada kwa kila ploti mbili ni nyumba 84 kwa ploti zote, yaani shilingi 16,800 kwa mwezi. Hizo zingelipia ujumbe na seva na kubakisha kitu cha mkokoteni. Tukaandika kwenye karatasi, mwenyekiti akatia sahihi. Kwa lugha ya programu ni hivi:

```python
def uamuzi(waliolipa):
    if waliolipa >= 45:
        return "panua"
    if waliolipa < 38:
        return "acha"
    return "rekebisha, rudia mwezi mmoja"
```

Tukaongeza breki moja: nyumba zaidi ya tatu zilizolipa zikidaiwa kimakosa, ujumbe wote unazimwa siku hiyo hiyo. Mtu akidaiwa pesa aliyokwisha kulipa, hutamrudisha kwa kumwomba radhi.

Mwezi wa kwanza walilipa 41. Lakini malipo 11 hayakujulikana ni ya nani. Nyumba B5 iliandikwa "5B", "B 5", "mama" fulani, na mmoja akaandika jina la ploti tu. Nyumba nne zilizolipa zikadaiwa. Breki ikashika, nikazima ujumbe. Makosa 11 niliyasahihisha kwa mkono jioni moja. Kwa nyumba 720 yangekuwa kama 132 kila mwezi, na kijana mwenye daftari angekuwa ameachishwa kazi tayari. Nikabadilisha programu: ukishalipa mara moja na kutambuliwa, inakukumbuka kwa nambari ya simu.

Mwezi wa pili walilipa 44, na malipo yasiyojulikana yakashuka hadi matatu.

Hapo ndipo karatasi ilipofanya kazi yake. Mwenyekiti akaniambia, "Ndugu yangu, 44 na 45 ni kitu kimoja." Nami moyoni nilikubaliana naye, maana nilitaka sana kumaliza. Lakini sheria ilisema rudia mwezi mmoja, tukarudia. Kabla ya kuanza nikajiuliza: ni nini tunafanya hapa ambacho hatutaweza kufanya kwenye ploti 24? Jibu likanitia aibu. Kila Jumamosi mimi na vijana wawili tulikuwa tukisimama getini tukiwaonyesha watu jinsi ya kulipa. Kwa nyumba 60 inawezekana. Kwa 720 haiwezekani. Kwa hiyo mwezi wa tatu hakuna aliyesimama getini.

Walilipa 36.

Sitasema programu iliharibu mambo. Tofauti ya 36 na 38 ni nyumba mbili, na nyumba mbili zinaweza kusafiri tu. Ninachosema ni kwamba hatukupata zile saba tulizohitaji, na zile sita za mwezi wa pili hazikutoka kwenye programu. Zilitoka kwa watu waliosimama getini. Sheria ikasema acha, tukaacha.

Kitu tulichokipata hatukukitafuta. Wapangaji walipoulizwa, walisema yule kijana wa daftari ndiye waliyemwambia taka zikikosa kuzolewa. Wakimwona, wanalipa. Asipoonekana, wanahisi huduma imekufa. Basi programu sasa inamsaidia yeye: anabeba orodha ya wasiolipa kwenye simu, anabisha hodi, mpangaji analipa kwa M-Pesa hapo hapo mlangoni, na daftari limestaafu. Hilo nalo tunalijaribu kwenye ploti zile zile mbili, na karatasi mpya yenye nambari mpya, kwa sababu matokeo ya wazo la zamani si ruhusa ya wazo jipya.

Ukiwa na mradi wako wiki hii, fanya jambo moja kabla ya kuandika mstari mwingine wa programu. Chukua karatasi, andika nambari itakayokufanya uache, na umpe mtu mwingine aitunze. Usijitunzie mwenyewe. Siku ya 44 utaipoteza.