Kianzio cha gari kinatoka jikoni, si yadi

Swali la wiki hii limetoka Katoro, mkoani Geita. Dada mmoja anayeuza vitenge na vyombo sokoni anasema yeye na mumewe wameweka akiba ya milioni 9 kwa ajili ya gari. Wameona IST nzuri kwenye yadi moja jijini Mwanza, bei milioni 15. Muuzaji amewaambia waweke nusu, waondoke na gari, nusu iliyobaki walipe kwa miezi 12 bila riba. Benki nayo iko tayari kumkopesha mume, ambaye ameajiriwa na kampuni inayofanya kazi za mkataba mgodini. Anauliza: "Tuweke kianzio kiasi gani? Tukiweka milioni 7 na nusu bado tutabakiwa na milioni moja na nusu mkononi, si tuko vizuri?"

Dada yangu, hesabu umeianzia mwisho. Watu wengi huangalia pesa waliyonayo, wakaitoa kwenye bei ya gari, na kinachobaki ndicho wanachokopa. Marejesho ya mwezi wanakuja kuyajua siku ya kusaini. Kwenu ninyi, nusu ya pili ya yadi ni milioni 7 na nusu. Igawe kwa miezi 12 upate 625,000 kila mwezi. Neno "bila riba" ni tamu, lakini nyumba yenu haina 625,000 ya ziada, kama tutakavyoona.

Anza na mwezi wenu mbaya kuliko yote. Usichukue wastani, na Julai usiiguse kabisa. Ukanda wetu huu, Shinyanga hadi Geita, pesa inakuja kwa misimu. Ununuzi wa pamba ukifunguliwa Mei, au duara likitema, sokoni hapashikiki. Masika maduara yakijaa maji, wachimbaji wadogo wanakaa, na vitenge vinakaa nao. Umeniandikia kwamba mwezi mzuri unaingiza faida ya 600,000, na mwezi mbaya 150,000. Basi tunachukua hiyo 150,000. Shemeji anapokea 950,000 mkononi baada ya makato. Jumla 1,100,000.

Matumizi uliyoyaorodhesha, yaani kodi ya nyumba, chakula, umeme na maji, ada ya mtoto ikigawanywa kwa miezi 12, na kile mnachomtumia mama Maswa, yanafika 680,000. Nimependa ulivyomweka mama kwenye orodha. Wengi humsahau kwenye karatasi halafu wanamkumbuka kwenye simu. Inabaki 420,000.

Usikimbilie kusema hiyo 420,000 ndiyo marejesho. Gari nalo linakula, mkopo uwepo usiwepo. Kwa safari ulizonitajia, weka 120,000 ya mafuta na 50,000 ya kuweka pembeni kwa ajili ya oili, breki na tairi, maana barabara zetu za vumbi hazina huruma na bushi. Halafu kuna bima. Mkopeshaji anayeshikilia gari kama dhamana hakubali bima ndogo, anataka bima kubwa, na anaitaka kila mwaka hadi deni liishe. Kwa gari la binafsi hesabu ya kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani yake, kisha unaongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Gari la milioni 15 linadai 525,000, ukiongeza kodi ni 619,500 kwa mwaka, sawa na kama 52,000 kwa mwezi. Ukijumlisha yote, IST hiyo inakula 222,000 kabla hamjamlipa mtu deni. Mnabakiwa na 198,000.

Hiyo ndiyo namba yenu. Tuseme 200,000, na tayari tumejipendelea kwa elfu mbili.

Sasa tugeuze 200,000 kuwa mkopo. Ukifika kwa mkopeshaji usianze kubishana naye kuhusu asilimia. Muulize swali moja: "Kila milioni moja ninayokopa, narejesha shilingi ngapi kwa mwezi, kwa miezi mingapi?" Hapo ndipo utajua riba ikoje, kwa sababu asilimia 18 ya mmoja si asilimia 18 ya mwingine. Benki mliyonitajia inatoza 18 kwa mwaka kwenye deni linalobaki, yaani kila ukilipa, riba ya mwezi unaofuata inahesabiwa kwenye salio dogo zaidi. Kwa miezi 24, kila milioni inarejeshwa kwa takriban 50,000 kwa mwezi. Anayetoza 18 hiyohiyo kwenye mkopo wote wa mwanzo, bila kujali ulichokwisha kulipa, milioni yake inarejeshwa kwa 56,700. Na yule anayekwambia "asilimia 3 na nusu tu" bila kutamka kwamba ni kwa mwezi, na kwenye mkopo wote, milioni yake ni 76,700. Hapo ndipo watu walipopata jina la kausha damu.

Kwa hiyo 200,000 yenu inabeba milioni 4 kwa yule wa kwanza, milioni 3 na nusu kwa wa pili, na milioni 2.6 kwa wa tatu. Tubaki na wa kwanza. Mkopo wenu ni milioni 4. Bei ya gari ukitoa milioni 4 ndicho kianzio. Kwa gari la milioni 15, kianzio ni milioni 11, nanyi mna 9.

Tena hizo 9 si zote za kianzio. Milioni moja itaondoka siku zilezile za kununua: bima ya mwaka wa kwanza, gharama za kuhamisha umiliki, fundi wako mwenyewe wa kulikagua gari, na ada za mkopo. Ada hizi mara nyingi hukatwa juu kwa juu, ukaomba milioni 4 ikaingia pungufu, na muuzaji hatapunguza bei kwa sababu benki imekata chake. Milioni nyingine isiguswe. Umesema mkataba wa shemeji umebakiza miezi 20, na mkopo ni wa miezi 24. Migodi ina umri na makandarasi hubadilishwa. Buzwagi pale Kahama ilifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Mkataba usipoongezwa, kutakuwa na marejesho manne ya 200,000 yasiyo na mshahara nyuma yake. Ile milioni ndiyo itakayoyalipa, na chenji ibaki. Kwa hiyo kianzio mlicho nacho kweli ni milioni 7.

Mkilazimisha IST ya milioni 15 kwa kianzio hicho, mnakopa milioni 8, marejesho 400,000. Baada ya mafuta na bima, kila mwezi mbaya mtapungukiwa 200,000. Mtakapoitafuta, mtaitoa kwenye mtaji wa vitenge, halafu mwezi unaofuata faida nayo itakuwa imepungua. Afisa mikopo anaweza kuwashauri mvute hadi miezi 36. Kwa riba ileile milioni 8 inashuka hadi kama 289,000, bado iko juu ya uwezo wenu, na mkataba wa shemeji utakuwa umekwisha miezi 16 nyuma. Watumishi wa umma wanaosoma hapa watasema wao wanalindwa na sheria ya kubakiwa na theluthi ya mshahara wa msingi. Ni kweli, lakini sheria hiyo haijui mna watoto wangapi.

Mna njia mbili ninazoziona salama.

Ya kwanza ni kushusha gari, si kushusha kianzio. Kianzio milioni 7 na mkopo milioni 4 vinanunua gari la milioni 11. Bima yake nayo inashuka hadi 454,300 kwa mwaka, kama 38,000 kwa mwezi. Gari linakula 208,000 badala ya 222,000, na katika 420,000 yenu inabaki 212,000 ya kulipia marejesho ya 200,000. Ni pembamba, lakini inatosha katika mwezi mbaya kuliko yote, na miezi mingine itakuwa na nafasi. Riba yote ya miaka miwili ni kama 800,000. Halafu kuna faida ambayo watu hawaihesabu. Mwaka ukipita deni litakuwa limebaki kama milioni 2.2. Likitokea la kutokea, mnaweza kuliuza gari wenyewe hata kwa bei ya haraka, mkalipa benki na kubaki na kitu. Mwenye deni kubwa kuliko bei ya gari lake hana mlango huo. Analisubiri lichukuliwe.

Ya pili, kama moyo uko kwenye IST ileile, ni kusubiri miezi 10 huku mkijifanya mmeshanunua. Kila mwezi ile 420,000 iende kwenye akaunti ambayo haina kadi ya kutolea: 200,000 ni "marejesho", 220,000 ni "mafuta na bima". Mwisho wa miezi 10 mna milioni 4.2 zaidi, na kianzio cha milioni 11 kimetimia. Uzuri wake ni kwamba mtakuwa mmejijaribu. Ikiwa Januari ya ada imewashinda, mkachota kwenye akaunti hiyo, mmejua kabla hamjasaini popote. Lakini na mkataba wa shemeji nao utakuwa umebaki miezi 10, kwa hiyo njia hii ningeichukua tu kama kazi yake imeshaongezewa muda.

Mpango wa nusu kwa nusu wa yadi ningeuacha. Mbali na ile 625,000, kwa kawaida kadi ya gari hubaki kwa jina la muuzaji hadi shilingi ya mwisho, na karatasi nyingi za namna hii husema ukichelewa gari linarudi. Anayetaka kuendelea nao asome mstari unaoeleza kianzio chake kinarudishwa kiasi gani gari likichukuliwa. Ukiukosa mstari huo, chukulia hakirudi.

Shemeji naye aliongeza swali lake chini ya barua: pesa ya msimu wa pamba, ile 600,000 ya vitenge, isitumike kuongeza marejesho? Isiingizwe kwenye marejesho ya kila mwezi, kwa sababu Februari haipo. Iwekwe, kisha mwisho wa msimu ipelekwe benki kwa mkupuo kupunguza deni. Kwenye mkopo unaotozwa riba kwenye salio, mkupuo huo unapunguza riba ya miezi yote inayofuata. Kwenye ule unaotozwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, mara nyingi hupunguzi chochote, unalipa riba ileile mapema. Kabla ya kusaini muulizeni afisa kama kuna adhabu ya kulipa kabla ya muda, awaonyeshe mahali ilipoandikwa, na mwambieni wazi kwamba mkupuo upunguze idadi ya miezi. Kwenu ninyi miezi minne ya mwisho ndiyo ya kukatwa kwanza.