Maumivu Yamepungua, Uchovu Umeongezeka: Soma Daftari Lako Kabla ya Kumwona Daktari

Karibu kila siku ya kliniki naketi na mgonjwa wa baridi yabisi na kumwuliza alivyoendelea tangu tulipoonana mwezi uliopita. Jibu huwa lile lile: "Sista, ni maumivu tu." Nikiuliza kama yamezidi au yamepungua, ananitazama, kisha anajibu kwa jinsi anavyojisikia asubuhi hiyo. Kama amesafiri kwa gari lililojaa na kusimama njia nzima, mwezi mzima unakuwa mbaya. Kama amelala vizuri, mwezi mzima unakuwa mzuri. Hasemi uongo. Kumbukumbu ya maumivu ndivyo ilivyo: siku ya leo na siku ile mbaya kuliko zote hufunika siku nyingine zote.

Kwa baridi yabisi nina maana ya ule ugonjwa wa miaka mingi ambao kinga ya mwili inashambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Si kila goti linalouma uzeeni. Ugonjwa huu hupenda vifundo vya vidole na viwiko vya mikono, mara nyingi pande zote mbili, navyo huvimba. Asubuhi mgonjwa huamka viungo vimekaza, na huchukua saa nzima au zaidi kabla ya kuweza kufumba ngumi. Tena huleta uchovu mkubwa ambao kulala hakuuondoi.

Maoni yangu ni kwamba kila mwenye ugonjwa huu awe na daftari, aandike maumivu na uchovu kila mmoja mahali pake, na kila mwisho wa wiki afupishe wiki hiyo katika mstari mmoja. Wenzangu wengine husema hiyo ni kazi ya wasomi. Nitawaeleza habari za mama mmoja mkulima wa migomba, aliyeishia darasa la saba, kisha mtaamua wenyewe.

Mama huyu alianzishiwa dawa iitwayo methotreksati. Dawa hii ndiyo inayotuliza ugonjwa wenyewe, lakini haifanyi haraka. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nguvu yake. Humezwa mara moja tu kwa wiki, siku ile ile. Kuimeza kila siku ni hatari, na imewahi kuua watu. Kwa sababu hiyo tulimwambia aandike herufi M kwenye daftari siku ya kuimeza, na herufi F siku nyingine aliyopangiwa kumeza asidi ya foliki, ambayo hupunguza madhara yake. Akiona M mbili katika wiki moja, ajue kuna kosa. Kwa maumivu ya wakati wa kungojea alipewa diklofenaki ya miligramu 50, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya chakula.

Daftari lake lilikuwa la shule. Kila jioni kabla ya kulala aliandika mambo manne, na kazi hiyo haikuzidi dakika moja. La kwanza ni maumivu, kwa namba kuanzia 0 hadi 10. La pili ni uchovu, kwa namba hizo hizo. La tatu ni dakika ambazo viungo vilikaza asubuhi, kuanzia kuamka hadi alipoweza kukamua nguo aliyoifua. La nne ni idadi ya vidonge vya diklofenaki alivyomeza siku hiyo.

Hizo namba 0 hadi 10 huwasumbua watu, maana mmoja husema 8 huku anacheka na mwingine husema 4 huku analia. Dawa yake ni kuzifunga kwenye kazi za nyumbani kwako mwenyewe, na kuziandika kwenye jalada la daftari ili zisibadilike. Kwa mama huyu, maumivu ya 3 yalikuwa yale anayoyasahau akiwa shambani. 5, anafanya kazi kwa kupumzika. 7, anaiacha kazi. 10, hawezi kujigeuza kitandani. Uchovu wa 3 ulikuwa kuchota ndoo mbili za maji bila shida. 5, kuchota moja na kuketi njiani. 7, kumtuma mtoto. 10, kushindwa hata kuketi ale.

Jumapili jioni alifupisha wiki. Hapa hakuna hesabu ngumu ya kujumlisha na kugawanya. Chukua namba 7 za maumivu na uzipange kutoka ndogo hadi kubwa, kisha chagua ile ya katikati, yaani ya nne. Kwa mfano, 2, 3, 3, 4, 5, 5, 8: namba ya wiki ni 4. Ile 8 ya siku moja mbaya haiwezi kuvuta wiki nzima. Iandike pembeni pamoja na sababu yake kama unaijua, kwa mfano "nilipalilia kutwa". Fanya vivyo hivyo kwa uchovu na kwa dakika za kukaza. Vidonge tu ndivyo vya kujumlisha.

Baada ya wiki nne alirudi kliniki na karatasi moja yenye mistari minne:

Wiki ya 1: maumivu 7, uchovu 5, kukaza dakika 90, vidonge 12.
Wiki ya 2: maumivu 6, uchovu 6, kukaza dakika 90, vidonge 17.
Wiki ya 3: maumivu 4, uchovu 7, kukaza dakika 80, vidonge 24.
Wiki ya 4: maumivu 3, uchovu 8, kukaza dakika 80, vidonge 27.

Siku hiyo alikuwapo daktari mwingine, si yule wa mwezi uliopita. Alimwuliza hali, naye mama akajibu kwa heshima, "Nashukuru Daktari, maumivu yamepungua sana." Kama mazungumzo yangeishia hapo, angepongezwa na kuongezewa dawa zile zile za mwezi mmoja. Lakini karatasi ilikuwa mezani, nayo ilisema mambo mengine.

Tazameni pamoja nami. Maumivu yameshuka kutoka 7 hadi 3. Kama ni ugonjwa uliotulia, kukaza kwa asubuhi nako kungeshuka sana, na uchovu ungefuata. Hapa kukaza kumesogea dakika 10 tu, na uchovu umepanda kila wiki. Halafu tazameni vidonge. Alipangiwa 14 kwa wiki, naye amefika 27. Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuzidisha vidonge vitatu vya miligramu 50 kwa siku, yaani 21 kwa wiki. Basi si methotreksati iliyopunguza maumivu, bali diklofenaki iliyoyaficha. Alipoulizwa, mama alikiri kwa aibu kwamba alikuwa akinunua vingine dukani, maana msimu wa kupalilia ulikuwa umeanza.

Daktari akauliza kuhusu choo. Kilikuwa cheusi kama lami kwa siku kadhaa, naye hakuwa anameza vidonge vya madini ya chuma, ambavyo navyo hugeuza rangi ya choo. Alipopimwa damu, himoglobini ilikuwa gramu 7.9 kwa desilita, wakati mwezi uliotangulia ilikuwa 11.6. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Tumbo lilikuwa linavuja damu polepole. Alilazwa, diklofenaki ikasimamishwa, methotreksati nayo ikasimamishwa kwa muda hadi vipimo vya figo na vya chembe za damu vilipojulikana kuwa salama. Hospitali ya rufaa ilimwangalia tumbo kwa kamera, kidonda kikaonekana na kutibiwa. Miezi mitatu baadaye, akiwa amerudi kwenye methotreksati yake, mstari wa wiki ulisomeka: maumivu 3, uchovu 3, kukaza dakika 20, diklofenaki 0. Maumivu ni 3 ile ile ya wiki ya nne, lakini mtu huyo alikuwa tofauti kabisa.

Hii ndiyo sababu nasisitiza uchovu usichanganywe na maumivu. Viwili hivyo vikipanda na kushuka pamoja, mara nyingi ni ugonjwa wenyewe. Vikiachana, maumivu yakashuka na uchovu ukapanda, kuna jambo jingine la kutafutwa: upungufu wa damu, usingizi mbovu, huzuni, au dawa. Hata methotreksati yenyewe huwachosha baadhi ya watu siku inayofuata. Anayeona uchovu wake unapanda kila siku inayofuata herufi M amwambie daktari, maana huenda siku ya kumeza ikahamishwa isigongane na siku ya soko.

Daftari lina mipaka yake, na nimeona likiharibika. Wapo wanaolijaza lote wakiwa kwenye benchi la kliniki. Hilo hutambulika upesi: wino mmoja, mwandiko mmoja, namba zinazofanana kuanzia juu hadi chini. Ukisahau siku, acha pengo. Siku tano za kweli ni bora kuliko saba za kubuni. Zikibaki sita, chagua mojawapo ya zile mbili za katikati. Wapo pia wanaoandika kurasa mbili kila usiku hadi wanaanza kuishi kwa kuyapima maumivu. Hao nawaambia waandike namba tu, wafunge daftari. Hali ikitulia kwa miezi kadhaa, inatosha kuandika wiki mbili za kabla ya kliniki, na kurudia kila siku pale tu dawa inapobadilishwa.

Asiyejua kuandika asiachwe nyuma. Bibi mmoja alikuwa na makopo mawili, moja la maumivu na jingine la uchovu. Kila jioni mjukuu alimwuliza, akahesabu punje za mahindi, akaandika.

Tena, daftari lisimfanye mtu angojee tarehe ya kliniki. Choo cheusi, kutapika damu, kizunguzungu cha kuanguka, homa au vidonda vya mdomoni ukiwa unatumia methotreksati, kikohozi kikavu na kushindwa kupumua, au kiungo kimoja kilichovimba ghafla na kuwa cha moto: mambo hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na ninyi mnaoishi na mgonjwa, nina ombi moja. Mistari ya wiki ikiwa tayari, isomeni pamoja naye. Yule mama alinunua vidonge dukani kwa sababu palizi ilikuwa yake peke yake na hakutaka kuonekana mvivu. Mumewe aliniambia baadaye kwamba kama angeiona ile 24 ya wiki ya tatu, angeshika jembe yeye.